Pengo la Wikendi: Je, Bei Hurudi Kulijaza?

Soko la CME la Chicago hufunga mikataba yake ya baadaye ya Bitcoin Ijumaa saa kumi jioni na kuifungua tena Jumapili saa kumi na moja jioni, kwa saa za huko. Kwetu Afrika Mashariki, Marekani ikiwa kwenye majira ya baridi, huo ni muda wa kutoka saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi hadi saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Ni saa 49, na kilicholala ni soko hilo tu. Bitcoin yenyewe huendelea kuuzwa na kununuliwa kwenye majukwaa mengine usiku na mchana. Soko linapofunguliwa, bei ya kwanza huweza kuwa mbali kabisa na ile ya mwisho ya Ijumaa, na chati hubaki na nafasi tupu katikati. Hilo ndilo pengo.

Kutokana na nafasi hiyo kumezuka imani ambayo sasa imefika hadi kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya Dar es Salaam na Nairobi: pengo la CME lazima lijazwe. Bei ikiruka juu, uza, usubiri irudi ilipokuwa Ijumaa. Ikiruka chini, nunua. Wanaoieneza huonyesha chati nyingi ambamo kweli bei ilirudi, na chati hizo si za uongo. Kinachokosekana ndani yake ni muda, na ni fedha anazohitaji mtu ili bado awe sokoni siku bei itakaporudi.

Chukua pengo la Novemba 2024. Donald Trump alikuwa ameshinda uchaguzi wa Novemba 5, na Bitcoin ilikuwa ikipanda. Ijumaa ya Novemba 8 mkataba wa CME ulifunga karibu na dola 77,930. Jumapili, kwenye majukwaa yasiyofungwa, Bitcoin ilivuka dola 80,000 kwa mara ya kwanza katika historia yake. CME ilipofunguliwa usiku ule, bei ilianzia karibu na dola 80,670. Pengo lilikuwa la takriban dola 2,740, yaani asilimia 3.4 ya bei.

Mkataba mmoja wa kawaida wa CME hubeba Bitcoin 5. Aliyeuza mkataba mmoja kwenye ufunguzi ule, akingoja pengo lijae, alikuwa anatafuta faida ya dola 13,700. Jumatatu hiyo hiyo Bitcoin ilikaribia dola 89,000, naye akawa na hasara ya zaidi ya dola 40,000. Hasara ya namna hii haikai kwenye makaratasi ikingoja. Kila siku ya biashara soko hukokotoa bei ya kufungia hesabu na kuchukua fedha taslimu kwenye dhamana ya aliyepoteza kumlipa aliyepata. Dhamana ikipungua chini ya kiwango, dalali humtaka mteja aongeze fedha. Asipoongeza, mkataba wake hufungwa kwa bei iliyopo.

Tuseme alikuwa nazo, akaongeza. Mkataba wa Novemba ulifikia ukomo wake Ijumaa ya mwisho ya mwezi, Novemba 29, Bitcoin ikiwa juu ya dola 95,000. Mikataba hii hulipwa kwa fedha kwa kufuata bei rejea inayopatikana saa kumi jioni ya London, kwa hiyo siku hiyo hesabu ilifungwa na hasara ikawa hasara. Kwa mkataba ulioacha pengo lile, pengo halikujazwa kamwe. Aliyetaka kuendelea kungoja alilazimika kuuza mkataba wa Desemba, kisha wa Januari, na kuendelea. Desemba bei ilipita dola 100,000. Januari 20, 2025, siku Trump alipoapishwa, iligusa karibu dola 109,000. Kufikia hapo mtu wetu alikuwa amelipa takriban dola 140,000 akifuata faida ya dola 13,700. Hata kwa mkataba mdogo wa CME, wenye sehemu ya kumi ya Bitcoin moja, ni zaidi ya dola 2,800 kwa kutafuta dola 274.

Na kwenye chati inayounganisha mikataba mfululizo, pengo lilijaa. Mwishoni mwa Februari 2025 bei iliporomoka ikaingia ndani yake, na Machi ikateremka hadi chini ya dola 77,000. Kwenye orodha za mapengo yaliyojazwa, pengo hili limo na limewekewa alama ya ushindi kama mengine. Mwuzaji aliyevumilia miezi minne na kulipa kila alipodaiwa alipata haki yake. Wangapi walikuwa na dola 140,000 za kulipa?

Hapa ndipo panapohitaji hesabu kidogo, kwa sababu wingi wa mapengo yanayojazwa huonekana kama ushahidi usiopingika. Chukua bei inayoyumba kwa wastani wa asilimia 2.5 kwa siku bila mwelekeo wowote, isiyokumbuka ilikotoka wala kujali Ijumaa ilifunga wapi. Kwa bei ya namna hiyo, pengo la asilimia 1 litaguswa ndani ya siku moja karibu mara 7 kati ya 10, na ndani ya siku tano karibu mara 86 kati ya 100. Hakuna sumaku inayoivuta. Ni kwamba asilimia 1 ni umbali mdogo kwa kitu kinachoyumba hivyo. Pengo la asilimia 3.4, kama lile la Novemba, litaguswa ndani ya siku tano zaidi kidogo ya mara moja katika kila mbili. La asilimia 9, karibu mara 1 kati ya 9.

Kwa hiyo mtu akikuambia mapengo manane kati ya kumi hujazwa, bado hajasema chochote kuhusu mapengo. Amekuambia tu kwamba mengi ni madogo. Kipimo cha haki ni cha upande wa pili. Kama bei imefungua juu kwa dola 1,000, weka mstari mwingine dola 1,000 juu ya ufunguzi, kisha hesabu ni mara ngapi bei iligusa mstari wa juu na mara ngapi iligusa wa Ijumaa, katika muda ule ule. Mistari yote miwili ikiguswa kwa kiasi kinachokaribiana, pengo halina nguvu yoyote. Kwa mtazamo wangu, asiyeweza kuonyesha hesabu hizi mbili kwa pamoja hana cha kuuza.

Maelezo ya kwa nini bei irudi nayo hayasimami. Husemwa kwamba hakuna biashara iliyofanyika kati ya bei hizo mbili, hivyo soko lina deni la kurudi kuifanya. Hii si kweli kwa Bitcoin. Fungua chati ya jukwaa lolote lisilofunga wikendi, utazame Novemba 9 na 10, 2024: bei ilipita hatua kwa hatua, na biashara ilifanyika njia nzima. Nafasi tupu iko kwenye chati ya CME peke yake. Na CME inapofunguliwa, kampuni zinazonunua upande mmoja na kuuza upande mwingine huilinganisha bei yake na ile ya nje mara moja, zikiacha tofauti ya kawaida iliyopo kati ya mkataba na bei ya papo hapo. Hakuna kosa lililobaki la kusahihishwa.

Mapengo mengine mawili yanaonyesha jinsi hadithi inavyoweza kwenda pande zote. Jumapili ya Machi 2, 2025, Trump alitangaza akiba ya taifa ya sarafu za kidijitali. Bitcoin ikatoka karibu dola 85,000 hadi karibu dola 95,000 huku CME ikiwa imefungwa. Lilikuwa pengo kubwa, nalo likatoweka ndani ya siku mbili. Lakini Jumatatu hiyo ndiyo siku ilipothibitishwa kwamba ushuru dhidi ya Kanada na Meksiko unaanza kesho yake, na masoko ya hisa yakaanguka pia. Kwa upande mwingine, wikendi ya Julai 25 na 26, 2020 iliacha pengo lenye ukingo wa chini karibu na dola 9,600. Septemba mwaka huo bei iliteremka hadi karibu dola 9,900, watu wakingoja imalizie safari. Haikumalizia. Hata anguko la Novemba 2022, lililoifikisha Bitcoin kwenye dola 15,500 hivi, halikulikaribia.

Kinachosaidia zaidi ni kuuliza habari ya wikendi ilikuwa gani, na kama inaweza kufutika. Mafuta yanafundisha vizuri, maana soko lake hufunga kweli. Jumamosi ya Septemba 14, 2019 mitambo ya Abqaiq nchini Saudi Arabia ilishambuliwa, na karibu nusu ya uzalishaji wa nchi hiyo ukasimama. Brenti ilikuwa imefunga Ijumaa kwa dola 60.22, ilipofunguliwa ilipanda hadi karibu dola 72. Saudia ikakarabati haraka, na mwanzoni mwa Oktoba bei ilikuwa chini ya dola 60. Habari ilifutika, pengo likafutika. Machi 2020 mambo yalikuwa tofauti. Brenti ilifunga Ijumaa ya Machi 6 kwa dola 45.27, wikendi hiyo Saudia ikaanzisha vita ya bei dhidi ya Urusi, na soko lilipofunguliwa bei ikashuka hadi dola 31. Vita ikaendelea, korona ikaua mahitaji, na mkataba wa Mei uliokuwa ukifanyiwa biashara siku ile ukafikia ukomo Machi 31 kwa dola 22.74. Chati inayounganisha mikataba mfululizo ilionyesha pengo limejaa Agosti. Aliyenunua mkataba wa Mei kwa dola 31 hakuiona Agosti hiyo.

Wengi wanaofuata dondoo hizi huku kwetu hawana hata akaunti ya CME. Wanacheza kwenye majukwaa yasiyofungwa wikendi, kwa fedha za kukopa, wakifuata pengo lisilokuwepo kwenye chati wanayoifanyia biashara. Na mapengo yenyewe yanaelekea ukingoni: Oktoba 2025 CME ilitangaza mpango wa kufungua biashara ya sarafu za kidijitali saa 24, siku 7, kuanzia mwaka 2026, ikisubiri ridhaa ya wadhibiti. Ukiuziwa dondoo ya pengo kabla ya hapo, mwombe muuzaji akuandikie mambo matatu: tarehe ya mwisho ya kungoja, bei ambayo ikifikiwa unatoka na hasara yako, na hesabu ya mstari wa upande wa pili. Akishindwa lolote kati ya hayo, usitoe fedha yako.