Ankara Imepita Tarehe: Jinsi ya Kudai kwa Hatua Bila Kumpoteza Mteja

Tuchukue karakana ndogo ya ushonaji mjini Mombasa. Imeshonea hoteli moja ya Diani sare 80 za wahudumu, kila moja Sh 2,500. Jumla ni Sh 200,000, na ukiongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16 inakuwa Sh 232,000. Mzigo ulipelekwa tarehe 3 Machi pamoja na ankara, na mapatano yalikuwa hoteli ilipe ndani ya siku 30. Kwa hivyo deni linaiva tarehe 2 Aprili.

Kuna tarehe nyingine ambayo mteja haioni lakini mwenye karakana anailalia usiku. VAT ya mauzo ya Machi hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato, KRA, kufikia tarehe 20 Aprili, na KRA haiulizi kama hoteli imekwisha kulipa. Siku hiyo ikifika kabla ya pesa kuingia, mama mwenye karakana atatoa Sh 32,000 mfukoni mwake kwa ajili ya kazi ambayo hajapata hata shilingi yake. Vitambaa na ujira wa mafundi alishavilipa Februari. Pesa iliyochelewa kwa mteja inakuwa imetolewa na mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni mnyonge kuliko mteja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kudai ni utovu wa adabu. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kudai ana haki ya kulikumbusha.

Suala ni namna ya kukumbusha. Hoteli hiyo itahitaji sare tena mwakani, na mapazia, na vitambaa vya meza. Ukimkosea heshima mhasibu wake leo, oda ijayo itakwenda kwa mshonaji mwingine. Ukinyamaza nako, ankara yako itasukumwa chini ya zile za wanaopiga simu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ankara nyingi hukwama bila mtu yeyote kukataa kulipa. Zimekwama mezani. Pengine haina nambari ya oda, kwa hivyo mhasibu hajui ni kazi ya idara gani. Pengine hati ya kupokelea mzigo ilitiwa saini na askari wa langoni badala ya mtunza stoo. Au ankara ya eTIMS ilitolewa bila nambari ya PIN ya hoteli, na mhasibu ameirudisha kimyakimya kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA anapokokotoa kodi ya mapato. Mtu aliyekwamishwa na karatasi ukimwendea kwa ukali, umemwonea, na hatasahau.

Kwa sababu hiyo ujumbe wa kwanza hutumwa kabla deni halijaiva, wiki moja hivi mapema. Mama wa karakana anamwandikia mhasibu tarehe 26 Machi: “Habari za kazi, Bwana Mhasibu. Nilitaka kuhakikisha kwamba ankara yetu ya sare 80, Sh 232,000, imekufikia na haina kasoro yoyote. Inaiva tarehe 2 Aprili. Kama kuna karatasi inayokosekana, niambie niilete.” Hajadai chochote bado. Lakini amefunga mlango mmoja muhimu, ule wa mteja kuibua lawama kuhusu mzigo siku ileile pesa inapotakiwa.

Tuseme mhasibu hakujibu, na tarehe 2 Aprili ikapita. Tarehe 6 anapelekewa ujumbe wa pili, mfupi, ukiwa na nakala ya ankara ili asipate sababu ya kuitafuta. Unataja kiasi, unataja tarehe iliyopita, na unauliza swali moja tu: malipo yamepangwa siku gani? Watu wengi hukosea hapa. Huandika aya nzima ya kuomba radhi kwa usumbufu, kisha wanamaliza kwa “tafadhali mtufikirie”. Ombi la namna hiyo hujibiwa “tunalishughulikia”, na jibu hilo halina siku ndani yake. Swali la tarehe hujibiwa kwa tarehe, au kwa kukwepa, na kukwepa nako kunakupa habari.

Mhasibu wetu amejibu “tunalishughulikia, mama”. Basi hatua ya tatu ni simu, tarehe 13 Aprili. Simu ina faida ambayo maandishi hayana, kwa kuwa unasikia mtu anavyosita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Nakupigia kuhusu ile ankara ya sare. Nataka nielewe imesimama wapi.”

“Kusema kweli, mama, haijatoka stoo. Sare nne zimewabana watu, mtunza stoo akasema asitie saini kwanza.”

Hapo ndipo fundo lilipokuwa. Hakuna barua ya ukali ambayo ingelifungua. Mama anasema atazichukua zile nne azipanue wiki hiyo hiyo, na anaomba hoteli ilipe sare 76 zisizo na ubishi: Sh 220,400 pamoja na VAT. Zile nne zitafuata zikikubaliwa. Kutenga sehemu yenye ubishi na isiyo na ubishi ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote katika kazi hii, maana mteja mwenye lawama ya kweli anasikilizwa, na mwenye lawama ya kisingizio anabaki bila pa kujificha. Mhasibu anaahidi tarehe 17. Kabla ya jioni mama anamwandikia: “Ahsante kwa mazungumzo ya leo. Kama tulivyokubaliana, sare nne ninazichukua kesho, na Sh 220,400 mtalipa tarehe 17 Aprili.” Ahadi ya mdomo sasa ina maandishi yenye siku.

Mpaka hapa kila kitu kimepita kwa mhasibu. Wapo wanaomnakili meneja tangu ujumbe wa kwanza wakidhani wanaharakisha. Wanachofanya ni kumwaibisha mtu ambaye ndiye atakayeandaa malipo yao, na wakati huo huo wanajimalizia hatua ya juu mapema. Ukishampigia mkubwa siku ya nne, siku ya ishirini utampigia nani?

Sare nne zimerudi zikiwa zimepanuliwa na mtunza stoo amezipokea. Tarehe 17 imepita bila pesa. Tarehe 20 mama ameilipa KRA Sh 32,000 zake. Tarehe 21 anamwandikia meneja, na barua hii ndiyo ya kwanza yenye uzito. Sauti yake ni ileile ya heshima. Kilichobadilika ni anayeandikiwa, na yatakayofuata. Inaeleza kwa mpangilio: mzigo ulifika lini, ankara iliiva lini, ahadi gani ilitolewa na ikapita, na kwamba sare zote 80 zimekwisha kupokelewa, hivyo deni ni Sh 232,000 kamili. Kisha inasema mambo mawili. Kwanza, mpaka deni hili lilipwe, oda mpya zitashonwa baada ya nusu ya bei kulipwa kabla ya kukata kitambaa. Pili, ikiwa hoteli ina shida ya pesa kwa sasa, karakana iko tayari kupokea kwa mafungu, mradi tarehe ziandikwe.

Angalia kwamba hajasema “sitawafanyia kazi tena”. Amefunga mkopo, hajafunga duka. Mteja bado anaweza kununua, na uhusiano una njia ya kupitia.

Msimu nao lazima usomwe. Pwani, baada ya Pasaka mvua za masika huingia, wageni hupungua, na hoteli nyingi hupumua kwa shida mpaka Julai. Meneja akipiga simu na kusema hivyo waziwazi, huyo ni mteja wa kuhifadhi. Mnakubaliana Sh 100,000 tarehe 30 Aprili, Sh 66,000 tarehe 15 Mei na Sh 66,000 tarehe 30 Mei, na yeye anatia saini. Karatasi hiyo ina nguvu mbili. Inampa nafasi, na inakiri deni. Sheria ya Kenya inampa mwenye kudai deni la mkataba miaka 6 ya kwenda mahakamani, na kukiri deni kwa maandishi yenye saini huanzisha hesabu hiyo upya. Akikupa hundi za tarehe za mbele, zipokee, lakini usizihesabu kuwa pesa kabla ya benki kuzipitisha.

Asiyetaka kulipa ana dalili zake. Kila simu ina sababu mpya, na ya jana haitajwi tena. Anayejibu anabadilika kila mara. Anakataa kutaja tarehe, lakini anaendelea kuagiza. Kwa huyo usirudie barua ileile mara tano, kwa sababu kila onyo lisilofuatwa na kitendo linamfundisha kwamba linalofuata pia ni tupu. Usiandike adhabu wala riba ambayo haikuwemo kwenye mapatano. Na usimweke kwenye stetasi ya WhatsApp, kwani unaweza kugeuka kuwa mshtakiwa wa kashfa, na wateja wako wengine watajiuliza zamu yao itafika lini.

Fungu la tarehe 30 Aprili likikosekana na meneja asieleze, barua ya mwisho inakwenda baada ya siku chache. Inataja deni, inaambatisha karatasi aliyotia saini, inatoa siku 14, na inasema kwamba zikipita dai litapelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizo zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ya kwanza ikafunguliwa Nairobi mwaka 2021. Zinasikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Mama wa karakana atakachobeba ni oda, hati ya kupokelea mzigo, ankara na zile jumbe zenye tarehe. Hapo ndipo upole wake wa tangu Machi unapomlipa, maana hakuna hata mstari mmoja ambao ataona aibu ukisomwa mbele ya hakimu.

Lakini wengi hulipa kabla ya hapo. Fungu la mwisho likiingia tarehe 30 Mei, mama anatuma risiti na neno la shukrani kwa mhasibu na meneja, bila kurudia yaliyopita. Oda inayofuata anaipokea kwa nusu ya bei kwanza, na iliyobaki siku ya kukabidhi. Akiona oda mbili zimekwenda hivyo bila kukwama, anaweza kurudisha zile siku 30, safari hii PIN na nambari ya oda zikiwa kwenye ankara tangu siku ya kwanza, na sahihi ya mtunza stoo ikichukuliwa sare zikiwa zimeshajaribiwa na wavaaji.