Kwa nini nchi ikubali kupangiwa ushuru na majirani?

Tuseme Kenya na Tanzania zimefutiana ushuru, ila kila moja inajipangia wa bidhaa za nje. Hilo ni eneo huru la biashara. Mchele wa Pakistani ukitozwa asilimia 35 Mombasa na 75 Dar es Salaam, mfanyabiashara wa Arusha atashushia wapi? Mombasa, bila shaka. Kwa mzigo wa shilingi 100,000 anaokoa 40,000. Ili kumzuia, inabidi malori yakaguliwe mpakani kujua mchele umelimwa wapi. Yaani mpaka umerudi palepale.

Dawa yake ni umoja wa forodha: ushuru mmoja, popote mzigo unapoingilia. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliuanza mwaka 2005. Kila serikali iliachia uwezo wa kupanga ushuru peke yake, ili ipate mpaka mwepesi.

Lakini viwango vile hatukuvibuni. Ushuru wa pamoja wa mchele ni asilimia 75, na Kenya, isiyolima wa kujitosheleza, imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza 35. Ruhusa kama hiyo hurudisha ukaguzi, maana mchele ukivuka, ile tofauti inadaiwa.

Ngazi za juu zinauma zaidi. Soko la pamoja lilianza 2010. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa 2013, na sarafu moja bado, kwa sababu ukiacha shilingi yako huwezi tena kuishusha thamani uchumi ukiyumba. Shirikisho la kisiasa, ngazi ya mwisho, linadai hata zaidi: serikali yenyewe.