Rasimu Isiyorudi

Ugomvi kati ya mwanafunzi wa uzamivu na msimamizi wake ni nadra kuanza kwa maneno makali. Huanza kwa ukimya. Mwanafunzi ametuma sura ya pili ya tasnifu, wiki tatu zimepita, hajajibiwa. Angependa kukumbusha, lakini anamwogopa mtu ambaye kesho ataombwa barua ya mapendekezo na ambaye saini yake ndiyo itakayoruhusu tasnifu iende kwa watahini. Basi ananyamaza. Msimamizi naye amesoma kurasa kumi, ameona sura ni muhtasari wa vitabu usio na hoja, na anatafuta siku tulivu ya kuandika maoni marefu. Siku hiyo haiji, kwa kuwa kuna mitihani ya shahada ya kwanza ya kusahihisha. Kadiri mwezi unavyokatika, mwanafunzi anaamini kuwa amedharauliwa, na msimamizi anaamini kuwa kijana huyu hana haraka na kazi yake.

Wawili hawa tukiwaita wakorofi tutakuwa tumewaonea. Kinachokosekana kati yao ni makubaliano ambayo kila mmoja alidhani yapo tayari. Mtafiti wa elimu ya juu Ingrid Moses aliliona jambo hili huko Australia katika miaka ya 1980, na kutokana na kazi yake ikatengenezwa hojaji fupi ambayo vyuo vingi duniani huitumia hadi leo. Kila swali lina kauli mbili zinazopingana, upande huu na upande huu, na katikati namba 1 hadi 5. Upande mmoja kauli husema ni kazi ya msimamizi kuchagua mada. Upande wa pili, ni kazi ya mwanafunzi. Nyingine huuliza nani aitishe vikao, au kama msimamizi asome kila rasimu au asubiri mpaka aombwe. Mwanafunzi na msimamizi hujaza kila mtu peke yake, kisha hukaa pamoja na kulinganisha.

Nguvu ya hojaji hii iko kwenye tofauti za namba. Pale wote wawili walipozungushia 3, hawana haja ya kupoteza muda. Pale mmoja alipoweka 1 na mwenzake 5, hapo ndipo ugomvi wa mwaka ujao ulipojificha, na wamebahatika kuukuta kabla haujaanza. Tena, mwanafunzi aliyelelewa kumheshimu mwalimu hawezi kusema kwa kinywa chake, “Profesa, nadhani ni wajibu wako kunijibu ndani ya wiki mbili.” Kuzungushia namba kwenye karatasi anaweza.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwanafunzi anachunguza uvuvi wa pweza katika vijiji vya pwani ya Kilwa: kwa nini baadhi ya vijiji vinaheshimu kipindi cha kufunga mwamba na vingine havifanyi hivyo. Ana wasimamizi wawili, kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wa uzamivu. Wa kwanza ni mtaalamu wa takwimu na anataka hojaji kwa wavuvi 300. Wa pili ni mwanaanthropolojia, naye anataka mahojiano marefu na watu thelathini, hasa wanawake wanaovua kwa miguu maji yanapokupwa. Kila mmoja anaandika maoni yake pembezoni mwa rasimu ileile. Mwanafunzi anarekebisha kumridhisha wa kwanza, wa pili anafuta. Anarekebisha kumridhisha wa pili, wa kwanza anauliza mbona maagizo yake hayakufuatwa. Nusu mwaka unakwisha na sura ya mbinu haijasogea.

Kosa hapa limo katika njia ya mawasiliano. Mwanafunzi amegeuzwa tarishi kati ya wasomi wawili ambao wenyewe hawajazungumza. Dawa yake ni kikao kimoja cha watu watatu, nacho mwanafunzi aende na karatasi ya ukurasa mmoja: swali la utafiti juu, mbinu mbili chini yake, na kwa kila mbinu, ni sehemu gani ya swali inajibiwa na ipi inabaki. Kwa swali hili la Kilwa jibu huonekana haraka. Hojaji itaonyesha ni vijiji vipi vinafuata utaratibu na kwa kiasi gani, ilhali sababu zitapatikana kwenye mahojiano. Huenda wakakubaliana kuanza na hojaji ndogo zaidi, kisha mahojiano katika vijiji viwili vilivyotofautiana sana. Lakini uamuzi huo una gharama: ikiwa kibali cha utafiti kilitolewa kwa mbinu moja tu, marekebisho yake lazima yaombwe kabla ya kwenda uwandani. Mambo haya yote yaandikwe siku hiyohiyo, mistari mitano au sita, na kutumwa kwa wote.

Nasisitiza kuandika kwa sababu siku ya utetezi mtahini wa nje atauliza kwa nini mbinu hii ilichaguliwa. Jibu la “wasimamizi walisema” halimwokoi mtu. Aliyehudhuria kikao kile na kubeba hoja zake ana jibu lake mwenyewe.

Ugomvi wa jina kwenye makala huuma zaidi, kwani hugusa haki. Nchini Kenya, mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 ulimtaka mwanafunzi wa uzamivu achapishe makala mbili katika majarida yenye kupitiwa na wataalamu. Makala ikishakuwa sharti la kuhitimu, swali la nani aandikwe kwanza haliepukiki. Katika tiba na sayansi za afya kuna kipimo kilicho wazi, cha Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba. Mwandishi ni yule aliyechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua. Akashiriki kuandika au kuihakiki rasimu kwa kina. Akaidhinisha toleo la mwisho. Na akakubali kuwajibika kwa kilichomo. Masharti yote manne lazima yatimie. Kupata fedha za mradi peke yake hakutoshi, na usimamizi wa jumla peke yake hautoshi. Wanaofanya kazi kwenye taaluma nyingine wanaweza kukiazima kipimo hiki, mradi wakiazime kabla data hazijakusanywa. Makala ikishaandikwa, kila mmoja hupima jasho lake kuwa zito kuliko la mwenzake.

Na rasimu isiyorudi je? Ujumbe wa kukumbusha ukiwa na swali jembamba hujibika kuliko ule wa kuuliza tu kama sura imesomwa. “Shikamoo Profesa. Nilituma sura ya pili tarehe 4 Machi. Ninaomba maoni yako kuhusu kurasa za 12 hadi 18 tu, kwa kuwa zinaamua nitauliza nini uwandani. Naweza kuja ofisini Jumanne au Alhamisi?” Profesa aliyelemewa na kurasa sitini anaweza kusoma saba.

Kimya kikiendelea, mahali pa kusemea pa kwanza ni ripoti ya maendeleo ambayo vyuo hudai kila baada ya muda fulani. Wanafunzi wengi hujaza humo kwamba mambo yanaenda vizuri, kwa kuwa msimamizi huyohuyo ndiye atakayeisaini. Baadaye wakilalamika, faili linawapinga. Inawezekana kuandika kwa adabu na ukweli: sura ilitumwa tarehe fulani, ilikumbushwa tarehe fulani, maoni bado yanasubiriwa. Hatua inayofuata ni mratibu wa masomo ya uzamili katika idara, halafu mkuu wa idara. Ikifika kwenye kuomba msimamizi mwingine, barua ijengwe juu ya tarehe na juu ya kile ambacho utafiti unahitaji, kwa mfano mtu anayezijua takwimu za uvuvi, na tabia za mtu zisitajwe. Idara yenye walimu wachache hubadilisha msimamizi kwa shida, kwani wa zamani na wa mpya watakutana kwenye vikao vilevile. Kwa hiyo kabla barua haijapelekwa, mwanafunzi amuulize mratibu kama yupo mwalimu mwingine mwenye ujuzi huo na nafasi. Asipokuwepo, kuongezewa msimamizi mwenza huku wa kwanza akibaki mara nyingi hupita pale ambapo kumbadilisha kungekwama.