Simu ya 50MP, picha ya 12.5MP: je, tumeibiwa?

Msikilizaji wetu mmoja alinunua simu baada ya kuuza mahindi. Boksi lilikuwa na maandishi makubwa: 50MP. Alipofika nyumbani alipiga picha, akafungua taarifa za picha ile, akakuta 4080 × 3060, na pembeni yake 12.5MP. Akatuandikia: "Ndugu watangazaji, nimeuziwa simu feki? Hizo megapikseli nyingine zimekwenda wapi?"

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja, kwa hiyo leo tumeona tulieleze kwa maandishi, ili kila mmoja aweze kulisoma taratibu na simu yake mkononi.

Tuanze na hesabu. Picha ya simu imeundwa na vidoti vidogo sana vinavyoitwa pikseli. Pikseli milioni moja ni megapikseli moja. Ukizidisha 4080 kwa 3060 unapata pikseli milioni 12 na nusu hivi. Sasa gawanya 50 kwa 4: jibu ni 12.5. Namba hizi hazikukutana kwa bahati. Simu ya msikilizaji wetu ina pikseli zote milioni 50 kwenye kamera yake, ila inazichukua nne nne na kuzifanya kuwa moja. Kazi hiyo ndiyo mafundi wanaiita kuunganisha pikseli.

Kwa nini ifanye hivyo? Nyuma ya lenzi ya kamera kuna kipande kidogo, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinachopokea mwanga. Kinaitwa kihisi. Kuweka pikseli milioni 50 kwenye kipande hicho kunalazimu kila moja iwe ndogo mno. Katika kihisi kimoja cha 50MP kinachotumika kwenye simu nyingi za bei ya kati, upana wa pikseli ni maikromita 0.64. Maana yake, pikseli kama mia moja zinaweza kupangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Pikseli ndogo kiasi hicho hupata mwanga kidogo sana, hasa jioni au ndani ya nyumba yenye taa moja ya sola.

Mwanga ukiwa kidogo, kila pikseli hukosea kidogo katika kupima. Moja inasoma juu, jirani yake inasoma chini, na makosa hayo ndiyo yale machengachenga unayoyaona kwenye picha ya usiku. Hebu fikiria gunia moja la mahindi linapimwa kwenye mizani nne ambazo si sahihi sana. Moja itazidisha, nyingine itapunguza. Ukijumlisha vipimo vyote vinne na kugawanya kwa nne, makosa yanafutana kwa kiasi fulani na unakaribia uzito wa kweli. Kamera inafanya vivyo hivyo. Pikseli nne zikiunganishwa, mwanga uliokusanywa unakuwa mara nne ya ule wa pikseli moja, lakini makosa ya kubahatisha yanaongezeka mara mbili tu. Picha inatoka safi zaidi, kana kwamba upana wa kila pikseli ni maikromita 1.28.

Kuna sababu ya pili, nayo ni rangi. Pikseli yenyewe haijui rangi. Inajua mwanga mwingi au mchache tu. Kwa hiyo juu yake huwekwa kichujio chekundu, kijani au bluu. Katika kamera za kawaida, pikseli zinazogusana ubavu kwa ubavu zina rangi tofauti. Katika kamera nyingi za 48MP na 50MP, pikseli nne za jirani zimefunikwa na rangi ileile moja. Yaani kihisi kimetengenezwa tangu kiwandani kwa ajili ya kuunganisha. Ukiilazimisha simu kutoa 50MP, inabidi ipange upya rangi hizo kwa kukadiria. Ndiyo maana picha ya 50MP haina undani mara nne ya ile ya 12.5MP, hata kama ina pikseli mara nne.

Utaratibu huu ulienea baada ya kampuni ya Sony kutangaza kihisi cha 48MP mwaka 2018, kinachotoa picha ya 12MP. Baadaye Samsung walikuja na kihisi cha 108MP kinachounganisha pikseli tisa tisa: 108 gawanya kwa 9, unarudi kwenye 12. Simu za 200MP huunganisha hadi kumi na sita, na jibu ni 12.5.

Basi, kwa nini wasitengeneze tu kamera ya 12MP yenye pikseli kubwa? Ni kweli kwamba namba kubwa kwenye boksi inauza. Lakini kuna faida pia. Mchana kwenye jua kali, pikseli ndogo zinapata mwanga wa kutosha, na undani wa ziada unaonekana. Tujue pia mpaka wake: kuunganisha hakuongezi mwanga unaoingia. Kihisi kidogo na lenzi duni vitabaki hivyo hivyo, hata boksi liandikwe namba gani.

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Tulimwomba afungue kamera na kutafuta alama ya 50MP. Kwenye simu nyingine imewekwa ndani ya "More". Apige ukurasa wa gazeti mchana, nje, simu ikiwa imetulia, mara moja kwa kawaida na mara moja kwa 50MP. Picha ya pili ilitoka 8160 × 6120, ambayo ni karibu milioni 50 kamili. Kisha akakuza maandishi madogo kwenye picha zote mbili. Herufi za picha ya 50MP zilisomeka vizuri zaidi. Simu yake ni nzima.

Jaribio hilo la herufi ndilo la muhimu kuliko namba. Simu feki inaweza kuchukua picha ndogo na kuivuta hadi iandikwe 50MP. Ikiwa mchana kweupe herufi za picha kubwa hazisomeki vizuri kuliko za picha ndogo, basi ile namba haina kitu ndani yake. Usilifanye jaribio hili usiku, kwa sababu gizani hata simu halali hutoa picha mbaya zaidi kwenye 50MP.

Kwa matumizi ya kila siku, iache simu ibaki kwenye 12.5MP. Picha ya 50MP hula nafasi mara kadhaa zaidi, na inachelewa kuhifadhiwa. Itumie mchana tu, kwa kitu utakachohitaji kukikuza baadaye: hati ya shamba, au jani lenye madoa unalotaka bwana shamba alichunguze. Na ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itapunguzwa njiani na undani wote utapotea. Chagua "Document" ndipo uiambatishe, ifike kama ilivyo. Angalia tu bando lako kwanza.