Ploti Inaporudi kwa Muuzaji

Ununuzi wa ploti kwa awamu nchini Kenya huanza kwa arbuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, kisha salio hugawanywa kwa miezi kadhaa. Mnunuzi akikosa awamu moja, mauzo hayafi siku hiyo. Muuzaji humpa notisi ya maandishi inayotaja deni lote na siku za kulilipa. Masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili Kenya, yanayotumiwa katika mikataba mingi, yanataja siku 21. Siku hizo zikipita bila malipo, ndipo muuzaji anapoweza kuvunja mkataba.

Wauzaji wengi hujikwaa kwenye notisi hiyo. Aliyepokea awamu zilizochelewa mara tatu au nne bila kulalamika huwa amemzoesha mnunuzi kwamba tarehe si kitu. Hawezi kuamka asubuhi moja na kumuuzia mtu mwingine ploti ileile. Akifanya hivyo, huenda mvunja mkataba akaonekana ni yeye. Ni lazima kwanza aandike kwamba kuanzia sasa tarehe iliyotajwa ni ya mwisho.

Fedha zilizokwisha kulipwa hutegemea zilitolewa kama nini. Arbuni ni dhamana ya nia ya mnunuzi, hivyo akishindwa humpotea. Awamu ni sehemu ya bei ya kitu ambacho hakukipata, na kwa kawaida hurudishwa baada ya kutoa hasara ya muuzaji inayothibitika.

Mathalani ploti ya Kitengela imeuzwa kwa shilingi 1,200,000. Mnunuzi ametoa arbuni ya 120,000 na awamu nne za 90,000, kisha akanyamaza. Amelipa jumla ya 480,000. Mkataba ukivunjwa, muuzaji hubaki na 120,000, na 360,000 ndizo za kurudishwa. Ploti ikiuzwa tena kwa 1,000,000, muuzaji amepoteza 200,000; arbuni imeshafidia 120,000, kwa hiyo anaweza kudai 80,000 zaidi, na mnunuzi akabaki na haki ya 280,000. Ikiuzwa kwa bei ileile au zaidi, hakuna la kukata ila gharama halisi.

Mikataba mingine husema kila kilicholipwa kitapotea. Kifungu cha namna hiyo kinatisha kuliko nguvu zake, kwa kuwa mahakama inaweza kukikataa ikiona ni adhabu isiyolingana na hasara. Kinachostahili kusomwa kwa makini zaidi ni kifungu cha muda wa kurudisha fedha, maana mara nyingi husema zitalipwa ploti ikishapata mnunuzi mwingine, bila kutaja tarehe.

Kama mnunuzi ameshaingia kwenye ploti, akazungushia ua au kujenga, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu muuzaji kumtimua kwa nguvu. Ataitwaa kwa amani au kwa amri ya mahakama, na mnunuzi naye anaweza kuiomba mahakama imwokoe na uvunjaji huo.