Tone la Kwanza la Pamanganeti

Fuwele za pamanganeti ya potasiamu, zile zile za duka la dawa zinazogeuza maji kuwa zambarau, hutumika pia maabara kupimia oksaleti. Hazihitaji kiashiria. Pamanganeti ikikutana na oksaleti penye asidi, zambarau hutoweka: oksaleti hugeuka kaboni dioksaidi, na pamanganeti hugeuka ioni za manganisi, ambazo rangi yake ni hafifu mno kuonekana. Oksaleti ikiisha, tone linalofuata hubaki waridi, nawe unafunga bureti.

Utata uko mwanzoni. Pima sentimita za ujazo 25 za asidi oksaliki ya 0.05 M, tia asidi salfuriki iliyozimuliwa, kisha dondosha pamanganeti ya takriban 0.02 M bila kupasha moto. Tone la kwanza litaganda na rangi yake hata utikise chupa, na mwanafunzi mgeni hudhani kazi imekwisha. Ioni zote mbili zina chaji hasi, hivyo husukumana, na zikigongana katika baridi ni chache zenye nishati ya kutosha kuvunja viungo vya zamani. Ndiyo maana chupa hupashwa hadi nyuzi 60 au 70 za Selsiasi.

Lakini joto peke yake halimalizi habari. Hata kwenye chupa ya moto tone la kwanza husitasita. La pili hupotea upesi zaidi, na baada ya machache rangi hufutika papo hapo. Kinachozidisha kasi ni ile manganisi iliyozaliwa humo humo. Ioni yake hukutana na pamanganeti ikapanda hadi hali ya chaji tatu, ikashikamana na oksaleti na kuipokonya elektroni, kisha ikarudi ilivyokuwa, tayari kwa zamu nyingine. Ukitaka kuhakikisha, tia chembe ya manganisi salfeti kabla ya kuanza: kule kusitasita kwa mwanzo kutapungua sana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chupani mna milimoli 1.25 za oksaleti, na kila tano huhitaji mbili za pamanganeti, yaani milimoli 0.5. Bureti ikisoma 25.6, pamanganeti yako ni 0.0195 M.

Moto nao una kiasi chake. Myeyusho ukikaribia kuchemka, asidi oksaliki huanza kuvunjika yenyewe. Utatumia pamanganeti kidogo kuliko inavyopasa, na hesabu itakuonyesha kuwa ni kali kuliko ilivyo. Ukimimina kwa pupa mwanzoni, au asidi ikiwa haba, utaona ukungu wa kahawia: hiyo ni manganisi dioksaidi. Mimi ningeimwaga chupa hiyo nikaanza upya. Wala usibadili asidi salfuriki kwa haidrokloriki, kwa kuwa pamanganeti itaishambulia kloraidi pia, na bureti itasoma zaidi.

Waridi hafifu likidumu sekunde 30, soma bureti. Soma ukingo wa juu wa kimiminika, kwani weusi wa pamanganeti huficha mbonyeo wa chini.