Kutendwa kwa Kijerumani: «Werden» na «Sein»
Mwanafunzi akipewa «Der Bauer öffnet den Kanal», yaani mkulima anafungua mfereji, kama huko mashamba ya umwagiliaji ya Rapsu, Isiolo, na kutakiwa aigeuze iwe ya kutendwa, yampasa aandike «Der Kanal wird geöffnet»: mfereji unafunguliwa. Akiandika «ist geöffnet», ametaja hali, si tendo. Huenda kosa latokana na Kiswahili chenyewe, maana «umefunguliwa» hubeba tendo pamoja na matokeo yake. Katika wakati uliopita, saa ndiyo kipimo. «Um sechs Uhr wurde der Kanal geöffnet»: saa kumi na mbili ulifunguliwa. Penye «war», saa hiyo maji yalikwisha kuachiliwa, pengine tangu usiku, na zamu ya mtu huenda imepita.